Simu imeibiwa na IMEI huijui? Anza hapa, na ufuate mpangilio

Mimi natengeneza simu mjini Kampala, meza yangu haiko mbali na Old Taxi Park, na karibu kila wiki anakuja mtu anahema, ananiuliza swali lile lile: "Fundi, simu yangu imeenda, naizimaje?" Namuuliza IMEI yake ni ngapi. Ananiangalia kama nimemuuliza tarehe aliyozaliwa bibi yake. Halafu wengine wameshakimbilia kufuta simu kwa mbali, au wameshamlipa kijana fulani aliyewaambia ataitafuta kwa kompyuta, sasa unaanza kurekebisha makosa kabla hujaanza kazi yenyewe. Ndio maana nimeamua kuandika yote sehemu moja.

Kwanza shika kitu kimoja tu, maana hapa ndipo watu wanapotea: kubloki laini na kubloki simu ni mambo mawili. Laini ni ile kadi ndogo yenye namba yako na pesa zako. IMEI ni namba ya simu yenyewe, tarakimu 15, inatoka nayo kiwandani, na mwizi akitupa laini yako na kuweka yake, bado simu ikijiunga na mnara inaitoa ile IMEI, kama gari linavyobaki na chesisi namba hata ukibadilisha dereva. Kampuni ya mtandao ikiiweka kwenye orodha ya simu zilizofungwa, minara ya kampuni hiyo inaikataa hata ikiwekwa laini gani. Lakini kubloki IMEI hakulindi pesa zako, maana laini yako ikitolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine inaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Vitu vya kuwa navyo

Kitambulisho cha taifa, ile Ndaga Muntu (kama imeenda na pochi, angalau namba yake ya NIN). Simu ya mtu unayemwamini, iwe na bando. Boksi la simu au risiti kama unavyo, popote vilipo, hata chini ya kitanda. Imeili na paswedi uliyotumia kwenye simu iliyoibiwa. Na karatasi na kalamu, usitegemee kichwa, tarakimu 15 hazikai kichwani mwa mtu aliyetoka kuibiwa.

Kama simu bado unayo mkononi

Hapa ni dakika moja. Fungua sehemu ya kupigia simu uandike hivi:

```
*#06#
```

Hupigi, ukimaliza ile alama ya mwisho namba zinatokea zenyewe kwenye sikrini. Simu ya laini mbili itakuonyesha IMEI mbili, andika zote mbili. Simu nyingine, Samsung hasa, inaweka mkwaju na tarakimu mbili mwishoni, mfano / 01, hizo ni za toleo la programu, sio sehemu ya IMEI, wewe chukua zile 15 tu. Ukipenda kupitia menyu, Android ni Settings halafu About phone, aifoni ni Settings, General, About.

Sasa usiipige picha ukaiacha kwenye simu hiyo hiyo. Unacheka, lakini nimeona hiyo mara nyingi sana, mtu ananiambia "picha ya IMEI ninayo, iko kwenye galari", galari ya simu gani? Ya ile iliyoibiwa. Mtumie dada yako, au andika nyuma ya daftari la duka.

Kama imeshaenda: hatua kwa hatua

1. Funga laini kwanza, ndani ya dakika chache. Kabla ya polisi, kabla ya kulia. Azima simu yenye laini ya mtandao ule ule, piga 100, hiyo ni huduma kwa wateja kwa MTN na pia kwa Airtel. Waambie simu imeibiwa, wafunge laini pamoja na akaunti ya mobail mani. Watakuuliza maswali ya kuhakikisha ni wewe, majina kamili, NIN, pengine namba ulizotumia kupiga au kutuma pesa hivi karibuni. Kama una laini mbili za mitandao miwili, piga kote, watu wanafunga ya MTN wanasahau ya Airtel ilikuwa na laki mbili.

2. Tafuta IMEI. Simu huna, lakini namba yake imebaki mahali pengi kuliko unavyofikiri. Anza na boksi, kuna stika yenye mistari ya kuskani, chini yake imeandikwa IMEI1 na IMEI2. Boksi hakuna? Angalia risiti, maduka mengi yanaandika IMEI kwa kalamu, na kama duka unalijua rudi kwao, wengine wanaweka daftari. Kama ni simu ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo, basi una bahati, anayekudai anayo IMEI kwenye mkataba, mpigie, na yeye ana njia yake ya kuifunga simu. Deni lakini linabaki, muulize mapema usije ukashangaa.

Hakuna karatasi hata moja? Ingia kwenye akaunti. Ya Android, fungua Find Hub, huduma ya Google ya kutafuta simu, kwenye brauza ya simu ya rafiki:

```
google.com/android/find
```

Ingia na Gmail yako, chagua simu iliyoibiwa, bonyeza ile alama ya i au ya gurudumu karibu na jina la simu, IMEI inatokea. Ikigoma, iko pia kwenye Google Dashboard ndani ya akaunti yako, sehemu ya Android. Ya aifoni ni:

```
account.apple.com
```

halafu Devices, chagua simu, shuka chini utaiona. Tumia dirisha la faragha la brauza, na ukimaliza toka kwenye akaunti, simu ni ya mtu.

ONYO, na hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu: USIFUTE SIMU KABLA HUJAANDIKA IMEI. Ukibonyeza kufuta, simu ya Android ikishapokea amri hiyo hutaiona tena kwenye ramani. Ya kubonyeza kwanza ni ile ya kuifunga, kwa Android inaitwa Secure device au Mark as lost, kwa aifoni ni Lost Mode. Na kwa aifoni usiiondoe kwenye akaunti yako hata mtu akikubembeleza vipi, ukiiondoa umemfungulia mwizi kufuli uliyokuwa umemfungia.

3. Hakikisha namba ni sahihi kabla ya kuipeleka popote. Hii hatua hakuna anayeifanya na ndiyo inayoharibu kazi. Tarakimu moja ikikosewa, 8 ikaandikwa 3, unakuwa umeripoti simu ambayo sio yako au haipo kabisa.

Nikupe kisa. Dada mmoja anauza nguo Owino, alikuwa amekaa dirishani kwenye teksi jioni, foleni imekwama, anaongea na simu, mkono ukaingia ukaichukua, kijana kashapotea katikati ya magari. Akaunti ya Gmail alifunguliwa na mtoto wa jirani, paswedi hajui. Boksi alikuwa nalo, ila alilifunga selotepu miaka miwili, tulipoibandua ikang'oa stika na tarakimu moja ikaenda nayo. Tumebaki na kumi na nne. Alikata tamaa, mimi nikamwambia ngoja.

Tarakimu ya mwisho ya IMEI haikuwekwa ovyo, inatokana na hizo nyingine 14 kwa hesabu. Kwa hiyo ukikosa moja, hesabu inakurudishia. Namba yake siiweki hapa, tutumie ya mfano:

```
4 9 0 1 5 4 2 0 ? 2 3 7 5 1 8
```

Anza kushoto. Tarakimu ya kwanza iache, ya pili zidisha kwa mbili, ya tatu iache, ya nne zidisha kwa mbili, hivyo hivyo mpaka ya 14, ile ya 15 iache. Ukipata jibu la tarakimu mbili zijumlishe: 9 mara mbili ni 18, kwa hiyo 1 na 8 ni 9. 7 mara mbili ni 14, inakuwa 5. Tunapata:

```
4 9 0 2 5 8 2 0 ? 4 3 5 5 2 8
```

Jumlisha zote, unapata 57. Sheria ni kwamba jumla lazima iishie na 0. Kutoka 57 kwenda 60 ni 3, basi iliyopotea ni 3. Ikiwa iliyopotea iko kwenye nafasi ya kuzidishwa, jaribu kuanzia 0 mpaka 9, moja tu ndiyo itakubali. Zikipotea mbili njia hii imekwisha, majibu yanakuwa mengi mno.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia hata kama umeipata namba nzima: jumlisha, ikiishia na 0 uko salama kwenda mbele, isipoishia na 0 kuna mahali umesoma vibaya.

4. Nenda polisi, kituo cha eneo ilikoibiwa. Sio cha karibu na kwako, kama ilichukuliwa Wandegeya unakaa Mukono, nenda Wandegeya, la sivyo watakurudisha huko huko. Mweleze afande saa, mahali, aina ya simu, rangi, alama yoyote kama mpasuko, namba ya laini, na IMEI zote mbili. Kesi inaandikwa kwenye daftari la kituo na inapata namba, wanaiita SD, ina namba ya ingizo na tarehe ya siku hiyo. Hiyo SD ndiyo kila kitu, bila hiyo kesho ukirudi wewe ni mgeni. Omba na barua ya polisi yenye muhuri, kisha kabla hujatoka mlangoni soma IMEI kwenye barua, tarakimu kwa tarakimu, ukilinganisha na karatasi yako. Mimi mwenyewe kuna mwaka niliibiwa, kwenye kituo fulani wakaniandikia tarakimu 14, nikaja kugundua kwenye kaunta ya kampuni ya simu, nikarudi kupanga foleni upya.

Kuripoti ni bure. Ukiambiwa kuna "mafuta ya gari" au "eataimu ya mpelelezi", utaamua mwenyewe, ila ujue sio ada ya serikali.

5. Hapa amua: unataka itafutwe au ifungwe? Watu wanataka vyote viwili siku moja na haviendi pamoja. Simu inatafutwa kwa kuangalia IMEI hiyo imejiunga na mnara upi na laini ya nani. Ukishaifunga haijiungi tena na mnara, kwa hiyo hakuna cha kuangalia. Basi, kama afande amekubali kufuatilia, muulize anataka muda gani kabla hujaomba ifungwe, wacha IMEI wazi kwa siku hizo, laini yako wewe umeshaifunga hatua ya kwanza kwa hiyo pesa hazimo hatarini. Kama ni simu ya bei ndogo na unaona wazi hakuna atakayeifuatilia, ruka, nenda uifunge. Kwa maoni yangu, simu ya laki mbili ifunge tu, nauli za kwenda na kurudi kituoni zitaimaliza thamani yake.

Na anayeweza kuona IMEI iko mnara gani ni kampuni ya simu, kwa ombi rasmi la polisi. Wewe huwezi, mimi siwezi, na yule kijana wa mtandaoni anayesema "nitumie IMEI na elfu hamsini nikupe lokesheni" pia hawezi. IMEI haitoi ramani. Ramani ya Find Hub ni kitu kingine, hiyo inatumia akaunti yako, na mara nyingi inahitaji simu iwe imewashwa na iwe na intaneti. Ikikuonyesha nyumba, nenda na polisi. Usiende na vijana wa steji, watu wanapigwa mpaka kufa mji huu kwa kelele moja ya mwizi, na ramani inaweza kukosea nyumba.

6. Peleka ombi la kufunga IMEI kwenye kampuni ya simu. Nenda kituo chao cha huduma mwenyewe, sio kwa wakala wa mwavuli, wakala hana uwezo huo. Beba barua ya polisi, kitambulisho, na uthibitisho kwamba simu ni yako: boksi, risiti, au picha ya ukurasa wa akaunti ulioonyesha IMEI. Sema wazi kwamba unaomba mambo mawili, laini irudishwe kwenye kadi mpya, na IMEI ifungwe. Ukisema tu "simu yangu imeibiwa" watakuswapia laini, utashukuru, utaondoka, na IMEI haijaguswa. Toa IMEI zote mbili, maana ukifunga moja mwizi anaweka laini kwenye tundu la pili anaendelea na maisha. Omba namba ya ombi au angalau ujumbe wa kuthibitisha, andika na jina la aliyekuhudumia. Kama ulikuwa na laini za mitandao miwili, peleka kwa zote mbili.

Ukizungushwa wiki nzima bila jibu, andika malalamiko kwa Tume ya Mawasiliano, UCC, makao yao ni Bugolobi, wao ndio wanaosimamia hizi kampuni na wanapokea malalamiko ya wateja. Ila watakuuliza kama ulianza na kampuni yenyewe, na hapo ndipo ile namba ya ombi inafanya kazi.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kubandika IMEI yako nzima hadharani na picha ya simu, "mwenye taarifa anisaidie". Mtu anaweza kuichukua akaiweka kwenye simu nyingine, au akaja kudai simu ni yake. Bandika picha na rangi, IMEI iache kwa polisi na kampuni.

Kufungua linki. Siku mbili tatu baada ya aifoni kuibiwa unapata meseji, simu yako imeonekana, ingia hapa. Ukurasa unafanana kabisa na wa kweli, unaweka paswedi, umeisha. Anwani ya kweli unaiandika mwenyewe kwenye brauza, hufuati linki.

Kununua simu ya mtumba bila kupiga *#06# mbele ya muuzaji na kulinganisha na boksi. Zikitofautiana, au ikitokea sifuri tupu, rudisha. Hiyo imeflashiwa au ni feki, na siku ikiletwa kesi ni wewe utakayekutwa nayo mfukoni.

Ikigoma

*Akaunti inataka msimbo wa kuthibitisha uliotumwa kwa meseji kwenye namba iliyoibiwa.* Hii inatokea kwa nusu ya watu. Swapu laini kwanza, weka kadi mpya kwenye simu yoyote, msimbo utaingia hapo, halafu ndio utafute IMEI.

*Find Hub inaonyesha simu lakini hakuna ramani.* Imezimwa au haina intaneti. IMEI bado utaiona pale, na amri ya kuifunga itaisubiri mpaka iwashwe kwenye intaneti.

*Imefungwa lakini nasikia mtu anaitumia.* Kuna njia tatu. Anatumia Waifai tu, mnara hauhusiki hapo na kubloki hakuzuii Waifai. Au imevuka mpaka, kufungwa kwenye kampuni ya Uganda hakufungi mitandao ya nchi nyingine isipokuwa nao wanachukua orodha hiyo, na kutoka Arua au Busia mpaka sio mbali. Au kuna fundi asiye na haya ameibadilisha IMEI. Kwa hiyo paswedi na kufungwa kwa akaunti vinabaki na kazi yake hata baada ya mnara kuikataa.

*Simu imepatikana lakini laini haishiki.* Weka laini unayojua inafanya kazi kwenye simu nyingine. Ikiandika "Phone not allowed" au MM#6, bado iko kwenye orodha, sio mbovu, usimlipe fundi abadilishe antena. Rudi kituo kile kile cha huduma na barua yako ya polisi, kitambulisho na simu yenyewe, uombe wazifungue IMEI zote mbili, na umwambie afande aandike kwenye ile SD kwamba simu imerudi, usije ukasimamishwa na simu yako mwenyewe.